Shajara ya mradi: hotuba ya kutangaza safari ya wafanyakazi, Mwanza hadi Lamadi na Ndabaka

Jumatatu 11 Mei. Rasimu ya kwanza

Kazi iliyo mezani: hotuba ya kutangaza safari ya mapumziko ya siku 3, Ijumaa 19 hadi Jumapili 21 Juni. Msomaji ni Meneja Utumishi. Itasomwa Ijumaa 29 Mei, saa 9 alasiri, mbele ya wafanyakazi wote kwenye uwanja wa kiwanda hapa Ilemela. Tuko 64; watu 6 lazima wabaki na ghala la baridi kwa sababu mitambo ya kugandisha haizimwi, kwa hiyo wanaosafiri ni 58. Njia imeshapitishwa na uongozi: Bujora, Magu, Lamadi kwa kulala usiku 2, lango la Ndabaka la Serengeti, kisha kurudi Mwanza na kumalizia kisiwa cha Saanane.

Rasimu ya kwanza ina maneno 1,480. Imesomwa kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayezungumza na umati, ikachukua dakika 14 na sekunde 10. Ni ndefu mno. Saa 9 alasiri zamu ya mchana inamaliza na ya jioni inaingia, watu wote wamesimama, na kelele za mitambo haziruhusu kusoma haraka. Lengo jipya ni dakika 9. Kwa mwendo uleule, hayo ni maneno 940 hivi.

Alhamisi 14 Mei. Mpangilio unageuzwa

Rasimu ilianza na salamu, ikaenda kwenye historia ya kampuni, ikaeleza vivutio siku baada ya siku, na gharama zikaja mwisho. Ilijaribiwa kwa wasikilizaji 5 wa idara ya ufungashaji. Baada ya kusomewa waliulizwa wanakumbuka nini. Wanne hawakumtaja hata mnyama mmoja. Walikuwa bado wanasubiri kusikia habari ya posho. Kosa ni letu. Mtu aliyesimama anajiuliza kama zile siku zitakatwa kwenye likizo yake hawezi kumsikiliza anayemwelezea mto Grumeti.

Mpangilio mpya unatanguliza majibu 5, kila moja kwa sentensi moja:

"Siku hizi 3 hazikatwi kwenye likizo ya mtu yeyote. Kampuni inalipa usafiri, malazi, milo 3 kwa siku na viingilio vyote. Kwa sababu hiyo hakuna posho ya safari. Nafasi ni za wafanyakazi tu, wenza na watoto hawamo mara hii. Wenzetu 6 watakaobaki na ghala watalipwa siku zao kama kazi ya ziada, na safari ijayo majina yao ndiyo yatakayoandikwa kwanza."

Sentensi ya posho ilizua mjadala. Wengine walitaka isitajwe, eti watu wasikumbushwe. Imebaki. Isiposemwa kwenye kipaza sauti itaulizwa kwenye kipaza sauti, na jibu la papo kwa papo huwa refu kuliko lile lililoandikwa.

Jumatatu 18 Mei. Saa

Hili ndilo kosa ambalo lingeiharibu safari yenyewe, si hotuba peke yake. Mkataba wa magari umeandikwa kwa saa 24: "05:45 kuondoka Lamadi, 06:00 langoni". Aliyenakili kwenye rasimu akaandika "saa 6:00 langoni". Msomaji wetu wa majaribio akatamka "saa sita kamili", kama alivyoandikiwa, na kila aliyesikia akaelewa saa sita mchana.

Kanuni tuliyoiweka: ndani ya hotuba saa zote ni za Kiswahili, zinaandikwa kwa maneno na wakati wa siku unatajwa. Kwa hiyo "saa kumi na mbili kamili asubuhi", kamwe si "12:00". Kwenye karatasi ya ratiba atakayopewa kila mtu, nguzo ya kwanza ina saa ya Kiswahili na ya pili ina saa ya mkataba, ili anayesoma simu yake asipotee.

Katika kusahihisha, tukanasa jingine. Rasimu ilisema "saa kumi na mbili asubuhi, jua likichomoza, tutakuwa langoni". Linasikika vizuri lakini si kweli kwa huku. Saa ya Tanzania inafuata mstari ulioko mashariki yetu, na sisi wa kanda ya Ziwa tuko mbali magharibi yake. Mwezi Juni jua la Mwanza huchomoza karibu saa moja kasoro robo. Saa kumi na mbili bado ni giza na ubaridi wa ziwa upo. Sentensi mpya: "Tutafika langoni kabla jua halijachomoza, basi kila mtu awe na sweta."

Jumatano 20 Mei. Siku ya kwanza, Ijumaa

Kuondoka ni saa mbili asubuhi. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, ni kama kilomita 20 tu kutoka mjini, na hapo tuna saa mbili na nusu. Rasimu ilijaza aya nzima ya historia: padre David Clement na kazi aliyoianza miaka ya 1950, kanisa lenye alama za Kisukuma, jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi ambamo zimehifadhiwa ngoma. Yote ni kweli, na yote mwongozaji wa pale atayaeleza vizuri kuliko sisi. Hotuba imebaki na jambo moja, lile ambalo watu watalifanya na si kuliangalia tu.

Jambo lenyewe ni mashindano ya ngoma. Katika utamaduni wa Kisukuma kuna pande 2 za wachezaji, Bagika na Bagalu, zilizoshindana tangu karne ya 19. Pande zote 2 hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi zaidi. Hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Umati wenyewe ndio hesabu. Hivyo Meneja anatangaza: uzalishaji na ghala ni Bagika, ofisi, mauzo na madereva ni Bagalu, na kila upande una wiki 3 za kujiandaa. Katika majaribio yote, hapa ndipo watu walipoanza kutazamana na kucheka. Aya ina maneno 70, na haitaguswa tena.

Mchana ni Magu. Kituo hiki hakikuchaguliwa kwa chakula. Safari ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili inagusa siku za ibada za karibu kila mtu kiwandani: swala ya Ijumaa, Sabato, na misa ya Jumapili. Magu kuna msikiti, na kusimama kwetu kunaanza saa sita na nusu mchana hadi saa nane na robo, kwa hiyo wanaoswali wanaswali na kula bila kukimbizwa. Wasabato 5 wamesema hawataenda mbugani Jumamosi. Watabaki Lamadi na gari dogo litawapeleka kanisani. Jumapili kuna sala fupi hotelini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya kuondoka. Hotuba inayasema haya kwa sentensi 3, bila kutaja jina la mtu wala idadi ya watu wa dini yoyote.

Jioni, Lamadi, tuko ufukweni mwa ghuba ya Speke. Rasimu iliahidi "kuogelea katika maji matulivu ya ziwa letu". Imefutwa. Maji ya kina kifupi yenye matete ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. Mtu anaweza asihisi kitu, au akawashwa kidogo, halafu homa na uchovu vikaja wiki kadhaa baadaye wakati ameshasahau kwamba alioga. Kujikausha kwa taulo hakutoshi kuwa kinga. Hatuwezi kuwaalika watu 58 waingie humo kisha tuite zawadi. Sentensi mbadala: "Jioni ni sato wa kuchoma, mpira wa ufukweni na stori, kuogelea ni kwenye bwawa la hoteli, si ziwani, kwa sababu ya kichocho." Sababu imetajwa makusudi. Katazo lisilo na sababu, watu wa hapa watalichukulia kuwa ni uongozi kuogopa mamba.

Ijumaa 22 Mei. Siku ya pili, Jumamosi: ahadi zinapunguzwa

Aya hii iliandikwa upya mara 4, na bado ni ndefu kuliko zote.

Ahadi ya kwanza kuondolewa ni "wanyama wakubwa watano". Tunaingia kwa lango la Ndabaka, upande wa magharibi. Faru weusi wa Serengeti wanalindwa maeneo ya Moru, kusini mwa Seronera, na Seronera yenyewe iko zaidi ya kilomita 100 kutoka langoni. Mwendo wa juu hifadhini ni kilomita 50 kwa saa. Kufika tu ni zaidi ya saa 2 bila kusimama hata kwa tembo, kurudi vilevile, na lazima tuwe nje kabla ya saa kumi na mbili jioni. Anayelazimisha Seronera kwa safari ya siku moja kutoka Ndabaka ananunua saa 5 za vumbi. Tutabaki magharibi, kandokando ya mto Grumeti hadi Kirawira.

Ya pili ni nyumbu. Kwa kawaida makundi yanayohama hupita ukanda huu wa magharibi kati ya Mei na Julai, ndiyo maana tarehe zetu ni za Juni. Lakini mvua ndiyo inayowaongoza, na kuna miaka wanatangulia na miaka wanachelewa. Rasimu ilisema "tutashuhudia mamilioni ya nyumbu wakivuka mto". Kauli mpya: "Juni ni msimu wao upande huu, kwa hiyo tunakwenda kuwatafuta. Tukiwakosa, mamba wa Grumeti hawahami, na mbega wako juu ya miti ya kando ya mto." Mamba na mbega ni ahadi salama zaidi kwa sababu wanaishi palepale mwaka mzima. Msikilizaji mmoja wa majaribio alisema sentensi hii imempa hamu kuliko ile ya mamilioni, kwa kuwa sasa kuna kitu cha kutafuta.

Ya tatu ni fulana, na hili lilitushtua. Kampuni ilipanga kugawa fulana mpya za bluu iliyokoza zenye nembo, zivaliwe Jumamosi kwa ajili ya picha ya pamoja. Ukanda wa magharibi una mbung'o. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi. Mitego ya vitambaa inayotundikwa kuwakamata hutengenezwa kwa rangi hizohizo. Tungewavika watu 53 mitego. Tena huuma hata kupitia kitambaa chembamba, na dawa za kawaida za kupaka za kufukuza mbu haziwasumbui sana. Uamuzi: fulana za bluu ni za Ijumaa pale Bujora. Jumamosi ni kaki, kahawia isiyokoza au kijivu, mikono mirefu, na vioo vya gari vinafungwa tunapopita kwenye vichaka. Hotuba inalitamka hivi: "Fulana ya kampuni ni ya Ijumaa. Jumamosi anayevaa bluu au nyeusi amewaalika mbung'o." Kicheko kinatarajiwa, na ujumbe unabaki.

Magari ni kosta 3 za viti 29. Kwa watu 58 zingetosha 2, lakini kosta iliyojaa hadi viti vya katikati inawafanya theluthi moja ya watu waone visogo vya wenzao badala ya swala. Kwa 3, watu 19 au 20 kila gari, kila mtu ana dirisha au jirani yake ni dirisha. Na moja likiharibika, mawili yaliyobaki yana viti 58 kamili. Hotuba haisemi lolote kati ya haya. Inasema tu kwamba orodha ya magari itabandikwa mlangoni mwa bwalo. Kuna jambo moja la udongo ambalo dereva kiongozi ametuomba tuliweke: udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika tairi kama ugali mbichi, kwa hiyo mvua ikinyesha usiku njia za pembeni hazitapitwa, na hakuna atakayebishana naye.

Jumanne 26 Mei. Siku ya tatu na mzaha uliofutwa

Rasimu iliweka Saanane saa tisa alasiri ya Jumapili. Imehamishiwa saa nne na nusu asubuhi. Mchana ukipamba joto upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na hadi alasiri maji ya ghuba yana mawimbi ya kuwatapisha wasiozoea. Mabadiliko haya yanatulazimu kuondoka Lamadi saa moja na nusu asubuhi, mwendo wa saa 2 na nusu kwa kosta, tufike mjini saa nne na kushuka gatini Capri Point. Kisiwa kiko karibu, boti ni dakika 10 hadi 15. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na ikawa hifadhi ya taifa 2013. Eneo lake, pamoja na maji yanayolizunguka, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Kwa watu waliochoka hiyo ni sifa: unazunguka mawe, unawaona pimbi na swala pala, unakula, unarudi.

Kulikuwa na mzaha hapa: "asiyejua kuogelea aage kabisa nyumbani". Umefutwa bila mjadala mrefu. Hotuba inasomwa 29 Mei, siku 8 baada ya kumbukumbu ya MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996. Kwenye umati wa watu 64 wa Mwanza, Bukoba na Ukerewe kuna waliozika ndugu, na wa Ukara wana MV Nyerere ya 20 Septemba 2018. Mahali pa mzaha pamewekwa sentensi kavu: "Kila mtu atavaa laifu jaketi, itafungwa kamba zote kabla boti haijang'oa nanga, na idadi ya abiria haitazidi iliyoandikwa kwenye leseni ya boti hata kwa mtu mmoja." Kwa hiyo tutavuka kwa mafungu, na fungu la mwisho litasubiri kwenye kivuli na soda.

Alhamisi 28 Mei. Mazoezi ya mwisho

Maneno 955, dakika 9 na sekunde 20. Inakubalika.

Ufunguzi umesahihishwa mara mbili. Kwanza, wageni waliotajwa mmoja mmoja walikuwa 11 na walikula dakika nzima, sasa ni "Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, viongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, wazee wetu wa ghala, ndugu zangu wote, itifaki imezingatiwa." Pili, rasimu ilisalimia "Mwangaluka!", ambayo ni salamu ya asubuhi. Saa 9 alasiri ni "Mwadila". Mzee wa ghala aliyelisikia zoezi hakusema neno, alicheka tu, na hapo ndipo tulipojua.

Kufunga: hotuba inamalizikia kwenye kazi anayopaswa kuifanya msikilizaji. "Chukua fomu kwa katibu muhtasi leo. Irudishe kabla ya Ijumaa tarehe 5 Juni, ikiwa na nakala ya kitambulisho chako." Kitambulisho kina sababu yake, na sababu imetajwa: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi na kwa kiwango cha chini, lakini lazima uraia uthibitishwe. Fundi wetu kutoka Uganda naye yumo kwenye kiwango hicho, alete pasipoti au kitambulisho cha taifa lake. Malipo yanafanyika mapema kwa kontrol namba. Langoni hakuna wa kupokea noti. Kibali ni cha kuingia mara moja, kwa hiyo aliyesahau simu hotelini hatafuatwa.

Ijumaa 29 Mei. Imesomwa

Dakika 10 na sekunde 5 pamoja na vicheko. Mbung'o walipata kicheko kikubwa kuliko Bagika na Bagalu, jambo ambalo hatukulitegemea. Kipaza sauti kilikatika sekunde chache kwenye aya ya Jumapili, na saa ya kuondoka Lamadi haikusikika nyuma, Meneja aliirudia.

Maswali yalikuwa 7. Posho iliulizwa mara moja tu, na aliyeuliza alijibiwa na mwenzake kabla ya Meneja. Mawili yalikuwa ya dawa: mwenye kisukari anayetumia insulini ataihifadhije, na mama anayenyonyesha afanyeje. Hotuba haikuwa na jibu la lolote kati ya hayo. La insulini limejibiwa jioni hiyohiyo: kila kosta ina sanduku la barafu, dawa inakaa ndani ya chombo chake bila kugusa barafu moja kwa moja kwa sababu ikiganda haifai tena, na chumba chake Lamadi kitakuwa na jokofu. La mama anayenyonyesha linahitaji uamuzi wa uongozi, maana linagusa kanuni ya "wenza na watoto hawamo".

Jumatatu 1 Juni

Fomu 41 kati ya 58 zimerudi, 6 hazina nakala ya kitambulisho. Uongozi umekubali mtoto anayenyonya na msaidizi mmoja. Viti vipo kwa sababu ya ile kosta ya tatu. Tangazo la nyongeza litabandikwa bwaloni kesho, mistari 4, saa zote kwa maneno. Karatasi ya ratiba imechapishwa upya kwa kosa moja la nguzo ya pili: kuondoka Lamadi Jumapili ilisomeka 01:30 badala ya 07:30. Kati ya nakala 64 za zamani, 61 zimekusanywa na kuhesabiwa. 3 bado hazijaonekana.